Rele ya kontrola yangu ya sola inagonga kila sekunde mbili betri ikishuka. Nipange vipi volti za kukata na kurudisha?

Mwana_Ukerewe · Jumapili, saa 3:12 usiku

Wakuu, salaam. Nimemtengenezea mama kontrola ndogo ya sola kwa kutumia Arduino Nano. Paneli ni wati 80, betri ni ile kavu ya 12V 38Ah, imeshafikisha miaka mitatu. Mzigo wake ni taa nne za DC na tivii ya inchi 19 inayotumia umeme wa betri moja kwa moja. Vyote vikiwa vimewashwa, mita inaonyesha ampea 3.4.

Mchana hakuna tatizo. Tatizo ni jioni, hasa siku yenye mawingu. Taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, betri inakuwa imeshuka, na rele ya mzigo inaanza kugonga: ta, ta, ta. Taa zinazimika, zinawaka, zinazimika. Tivii ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu inawashwa na kuzimwa kila sekunde mbili hadi mama aamke achomoe waya. Sehemu yenyewe ya programu ni hii:

```cpp
if (v < 11.5) digitalWrite(RELE, LOW);
else          digitalWrite(RELE, HIGH);
```

Nilisoma mahali kwamba inatakiwa kuweka volti mbili, moja ya kukata na nyingine ya kurudisha. Nikaweka kukata 11.5 na kurudisha 11.8. Bado inagonga, labda polepole kidogo. Nimeongeza hadi 12.0, bado. Sasa sijui niongeze hadi wapi, maana sitaki kupanga namba kwa kubahatisha.

---

Chuma_Tanga · Jumapili, saa 3:40 usiku

Mkuu, hilo dogo. Programu yako inasoma haraka mno. Weka `delay(10000)` baada ya kukata, na kapasita ya 470 µF kwenye ile nyaya inayoingia `A0`. Mimi nilifanya hivyo kwenye taa za banda langu na kugonga kumekwisha kabisa.

---

Mwana_Ukerewe · Jumapili, saa 4:05 usiku

Asante kaka. Nimeweka sekunde kumi sasa hivi. Kweli haigongi haraka, ila sasa taa zinazimika sekunde kumi, zinawaka sekunde moja, zinazimika tena sekunde kumi. Mama kaniambia bora ile ya mwanzo.

---

FundiKipimo · Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Habari za asubuhi. Kuchelewesha hakuondoi ugonjwa huu, kunaupunguza kasi tu. Kinachotokea ni hiki. Betri ikiwa inabeba mzigo, volti zake ziko chini ya pale zingekuwa ikiwa imepumzika. Ukikata mzigo, betri inajirudi. Haijaingiza chaji hata kidogo, imepumzishwa tu, lakini volti zinapanda. Nano inaona zimepanda, inarudisha mzigo, zinaporomoka, inakata. Itaendelea hivyo usiku kucha ukiiachia.

Kwa hiyo pengo kati ya kukata na kurudisha, lile wanaloliita histeresisi, lina kipimo chake. Volti ya kurudisha lazima iwe juu ya mahali betri yako inapoweza kufika yenyewe, bila jua. Ikiwa chini ya hapo, hata kwa nukta moja, mzigo utarudi usiku bila haki.

Mahali hapo ni pa kupima. Leo jioni fanya hivi. Acha betri ishuke mpaka kontrola ikate, kisha zuia isirudishe. Andika volti mzigo ukiwa umewashwa, halafu sekunde tano baada ya kukata, dakika moja, dakika kumi, nusu saa, saa mbili. Kila safari pima mara mbili: pale kontrola inapopimia, na kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Hiyo ya pili usiiache. Na utuambie betri iko umbali gani na kontrola, na waya ni wa ngapi.

---

Pwani_Solda · Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Ndugu, rele ya paneli ikigonga maana yake betri imejaa. Kata ukifika 14.4 na urudishe chaji ikishuka 13.2. Usipange 14.4 na 14.3, betri ikijaa itagonga mchana kutwa. Nilipata shida hiyohiyo nikaimaliza hivyo.

---

FundiKipimo · Jumatatu, saa 1:55 asubuhi

Bwana Pwani, mwenzetu anaongelea upande wa chini, rele ya mzigo. Lakini umegusa jambo ambalo watu wengi wanalichanganya, ngoja niliseme papa hapa.

Upande wa juu, pengo likiwa pana mno linaumiza betri kwa njia nyingine. Ukikata chaji kwenye 14.4, betri inashuka haraka hadi 13 na kitu, kisha inaanza kushuka polepole sana. Ukisema urudishe chaji ikifika 12.8, na mchana hakuna kinachotumia umeme, inaweza kukaa saa nzima bila kuchajiwa huku jua linawaka. Ikifika jioni haijajaa. Siku, wiki, miezi, salfeti inajenga ndani na betri inakufa ikiwa na umri mdogo. Kwa hiyo juu pengo liwe dogo na kuwe na muda wa chini kati ya kukata na kurudisha, au uache kabisa rele, utumie mosifeti na kupunguza chaji kidogokidogo. Chini ni kinyume: pengo liwe pana. Usichukue namba ya upande mmoja ukaipeleka upande wa pili.

---

Mwana_Ukerewe · Jumatatu, saa 5:20 usiku

Shikamoo fundi. Nimepima kama ulivyosema. Betri iko chumbani kwa mama, kontrola iko sebuleni karibu na tivii. Katikati kuna mita sita za waya wa 1.5.

Mzigo ukiwa umewashwa: kwenye kontrola 11.52, kwenye vichwa vya betri 12.01.
Sekunde tano baada ya kukata: 12.16 kotekote.
Dakika moja: 12.20.
Dakika kumi: 12.28.
Nusu saa: 12.32.
Saa mbili: 12.35.

Sikutegemea mstari wa kwanza. Nusu volti nzima imepotea wapi?

---

FundiKipimo · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Marahaba. Imepotea kwenye waya. Shaba ya milimita mraba 1.5 ina ohmu 0.012 hivi kwa kila mita. Mita sita kwenda na sita kurudi ni 12, kwa hiyo:

```
12 m × 0.012 Ω/m = 0.144 Ω
0.144 Ω × 3.4 A  = 0.49 V
```

Ndiyo hiyo tofauti yako ya 12.01 na 11.52, imekaa sawasawa. Sasa tazama lile pigo la sekunde tano za kwanza. Kutoka 11.52 hadi 12.16 ni volti 0.64, na betri yenyewe imechangia 0.15 tu. Zilizobaki ni za waya. Ndiyo maana 11.8 ilishindwa, na 12.0 ikashindwa: waya peke yake ulikuwa unakurudisha juu ya 12.0 papo hapo.

Kuna na madhara mawili ambayo hukuyaona. La kwanza, umekuwa ukimkatia mama umeme mapema. Ulidhani unakata kwenye 11.5, kumbe betri ilikuwa 12.0, bado ilikuwa na chaji ya kutazama tivii. La pili ni baya zaidi. Je, chaji ya paneli nayo inapita kwenye waya uleule kwenda betri?

---

Mwana_Ukerewe · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Ndiyo, waya ni uleule. Paneli inaingia sebuleni kwenye kontrola, kisha inakwenda chumbani.

---

FundiKipimo · Jumanne, saa 1:32 asubuhi

Basi mchana kosa linageuka upande. Ampea 4 za paneli zikipita humo, kontrola inaona volti karibu 0.6 zaidi ya zilizoko kwenye betri. Inaposema 14.4 na kukata chaji, betri iko 13.8. Haijawahi kujaa tangu ulipoifunga. Kwa hiyo kila jioni inaanza ikiwa pungufu, inashuka mapema, na rele inagonga.

Hamishia kontrola chumbani, nusu mita kutoka kwenye betri, na fyuzi karibu na kichwa cha chanya. Waya mrefu uende kwenye taa na tivii. Huko utapoteza nusu volti ileile lakini haitadanganya kipimo.

Usijaribu njia ya mkato ya kuvuta nyaya mbili nyembamba za kupimia hadi betri. Watu wanaifanya, lakini hasi nyembamba ukiiunganisha na hasi ya Nano, sehemu ya umeme wa mzigo itapita humo pia, na kipimo kitaharibika tena. Na hasi nene ikilegea siku moja, ampea zote zitapita kwenye uzi huo na kuuchoma.

---

MamaVifaranga · Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Samahani naingilia. Mimi nina pampu ndogo ya DC ya kunywesha kuku. Kila ikianza kuzunguka, kontrola yangu inakata, na betri ni mpya, inasoma 12.6. Nikiweka kukata 10.8 inafanya kazi lakini naogopa kuua betri. Je, tatizo langu ni hilohilo la waya?

---

FundiKipimo · Jumanne, saa 6:05 mchana

Dada, lako ni tofauti kidogo. Mota inapoanza inavuta ampea nyingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo, labda kwa robo sekunde tu. Volti zinadidimia na kurudi. Kwako ndipo subira ya Chuma_Tanga inapofaa, ila iwe kabla ya kukata: kontrola isikate mpaka volti ziwe chini ya kiwango mfululizo, tuseme sekunde 30. Usishushe kiwango. Angalia pia waya, maana waya mwembamba unazidisha huo mdidimio.

Kwa hiyo kaka Chuma, muda una kazi yake. Unachuja mdidimio wa kupita. Ila hauwezi kuchuja betri kujirudi, kwa sababu kujirudi hakupiti, kunaendelea kwa saa.

---

Chuma_Tanga · Jumanne, saa 6:30 mchana

Nimekuelewa mkuu. Sasa nimejua kwa nini kwangu ilikubali: mzigo wangu ni taa mbili za wati 3 na betri ni ya 100Ah, iko pembeni ya kontrola. Haina cha kujirudi.

Ile kapasita je? Bado naona inasaidia.

---

FundiKipimo · Jumanne, saa 6:48 mchana

Inatuliza kipimo, ndiyo, lakini 470 µF ni kubwa mno. Kama rezista zako zina kilo-ohmu kumi na kitu, usomaji utachelewa sekunde kadhaa. Weka ya 100 nF, kisha soma mara 16 na uchukue wastani.

---

Mwana_Ukerewe · Alhamisi, saa 4:45 usiku

Nimehamisha kontrola chumbani. Siku mbili za jua betri imejaa, naona jioni inaanza na volti za juu kuliko nilivyozoea. Leo nimeiacha ishuke makusudi mpaka 11.5 ya kweli, nikapima tena kwenye vichwa. Sekunde tano 11.71, dakika kumi 11.86, nusu saa 11.93, saa mbili 11.99. Asubuhi kabla ya jua nitasoma tena.

Kuna kitu kingine kinanichanganya. Skrini yangu ilisema 11.9 wakati mita inasema 11.5, muda mfupi kabla sijakata kwa mkono. Mzigo ukizimwa, skrini na mita vinakubaliana. Waya sasa ni nusu mita, siyo wenyewe.

---

Kware_Kitui · Ijumaa, saa 1:05 asubuhi

Niliwahi kupatikana na hiyo. Hujaandika `analogReference`, sivyo? Basi Nano inapima betri kwa kulinganisha na ile 5V inayoilisha. Coil ya rele ya 5V inavuta karibu milliampea 70. Kama kibadilishi chako cha kushusha 12V kuwa 5V ni dhaifu, rele ikivutwa 5V inakuwa 4.8, na Nano haijui kwamba rula yake imefupika. Kila kitu kinaonekana kirefu. 11.04 ya kweli inasomwa 11.5. Pima pini ya 5V rele ikiwa imevutwa na ikiwa imeachia.

Dawa ni `analogReference(INTERNAL);` ambayo inatumia volti 1.1 za ndani ya chipu. Hazitegemei 5V. Lakini 1.1 ni jina tu, kila chipu ina yake, inaweza kuwa 1.0 na kitu au karibu 1.2, kwa hiyo ulinganishe na mita mara moja na uandike namba yako kwenye programu. Badilisha pia rezista, kwa sababu sasa `A0` haisomi zaidi ya 1.1. Mimi natumia 150k juu na 10k chini, inafika 17.6V. Kila hatua ni millivolti 17, zinatosha.

---

Mwana_Ukerewe · Ijumaa, saa 2:20 asubuhi

Ni kweli, 5V inashuka hadi 4.82 rele ikivutwa. Nimebadilisha rezista. Na betri asubuhi kabla ya jua imesoma 12.03.

Kwa hiyo fundi, kujirudi kwote tangu 11.5 mpaka alfajiri kumeishia 12.03. Niweke kurudisha 12.2?

---

FundiKipimo · Ijumaa, saa 6:15 mchana

12.2 itazuia kurudi usiku, kwa leo. Lakini betri ikizeeka inajirudi zaidi, na siku mzigo ukiwa mkubwa itajirudi zaidi. Halafu kuna swali la asubuhi. Jua la kwanza likigonga paneli, volti zinavuka 12.2 ndani ya dakika chache, betri ikiwa bado tupu. Mama atawasha tivii saa moja na nusu, umeme wote wa asubuhi utaliwa, na jioni hakuna kitu. Mimi naweka 13.0, na lazima ikae juu ya hapo dakika kumi mfululizo. Kufika 13.0 betri inakuwa imeshapokea kitu.

Umbo la programu ni hili:

```cpp
bool sharti = mzigo ? (v < 11.5) : (v > 13.0);
unsigned long subira = mzigo ? 30000UL : 600000UL;

if (!sharti) tangu = millis();
else if (millis() - tangu >= subira) {
  mzigo = !mzigo;
  tangu = millis();
}
digitalWrite(RELE, mzigo ? HIGH : LOW);
```

Angalia kwamba katikati ya 11.5 na 13.0 programu haiamui chochote, inaacha kilivyokuwa. Na hakuna `delay` hata moja, kwa hiyo upande wa chaji unaendelea kuangaliwa.

---

Kware_Kitui · Ijumaa, saa 7:40 mchana

Fundi, kwa heshima, 13.0 naona ni juu kwa mtu wa paneli ndogo. Kontrola nyingi za dukani zinakata 10.7 au 11.1 na kurudisha 12.6. Siku ya mawingu 13.0 haifikiwi kabisa.

Na mtu asichukue namba hizi kwa lithiamu. Nina betri ya LiFePO4 ya seli nne. Niliweka 11.5 na 12.6 kama za asidi. Inakaa 13.1, 13.0 karibu safari yote, halafu mwishoni inaporomoka ghafla. Ikikatwa na kupumzishwa, ikiwa karibu tupu, ilijirudi hadi 12.7 yenyewe. Kwa hiyo taa zilirudi saa sita usiku, zikakaa dakika nne, zikakatwa, zikarudi tena baada ya saa nzima. Ilikuwa ni kugonga kuleule, ila kwa mwendo wa saa badala ya sekunde, na ilinichukua wiki mbili kugundua. Sasa nakata 12.0 na kurudisha 13.3.

---

FundiKipimo · Ijumaa, saa 8:10 mchana

Hilo la lithiamu ni kweli tupu, na ni ushahidi wa kupima badala ya kunakili. Kuhusu 12.6 kwa asidi, sikubaliani nawe kwa betri iliyozeeka, lakini tumwache mwenye betri atuletee vipimo.

---

Mwana_Ukerewe · Jumapili, saa 2:50 usiku

Kugonga kumekwisha wakuu. Nashukuru sana. Ila nimeona jambo: jana usiku kontrola ilikata saa nne, vizuri kabisa. Nikachomeka laptop kwenye Nano nisome kumbukumbu, taa zikawaka papo hapo. Nikachomoa, nikachomeka tena baada ya kukata, zikawaka tena. Volti zilikuwa 11.9.

---

Kware_Kitui · Jumapili, saa 3:15 usiku

Ukifungua dirisha la kusoma kwenye laptop, Nano inajianzisha upya. Ndivyo ilivyoundwa. Tazama kwenye `setup()`, bila shaka umeandika `mzigo = true`. Ikiamka kwenye 11.9 iko katikati ya pengo, haiamui chochote, inabaki na ulichoiambia mwanzo. Anza na `false`.

---

MamaVifaranga · Jumapili, saa 3:40 usiku

Lakini ikianza na `false` na betri iko 12.5 usiku, si itabaki gizani mpaka kesho saa nne? Vifaranga wangu wa siku tatu hawawezi kukaa bila taa usiku mzima kwa sababu chombo kimejizima na kujiwasha.

---

FundiKipimo · Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Dada yuko sawa, na ndiyo sehemu ambayo wengi wanaisahau. Ndani ya pengo, volti pekee hazitoshi kuamua. Lazima ukumbuke ulikotoka. Kumbukumbu hiyo ikiwa kwenye `bool` ya kawaida, inafutika Nano ikijianzisha. Iandike kwenye `EEPROM`, na kwenye `setup()` isome:

```cpp
mzigo = (EEPROM.read(0) == 1);
// na kila hali inapobadilika:
EEPROM.update(0, mzigo ? 1 : 0);
```

Nano mpya itasoma 255 mara ya kwanza, kwa hiyo itaanza ikiwa imezima, ambayo ndiyo salama. Andika hali inapobadilika tu. Seli ya `EEPROM` ya chipu hii imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Kontrola inayokata mara moja kwa siku haitafika huko. Lakini ile ya kwanza ya mwenzetu, iliyogonga kila sekunde mbili, ingezimaliza kwa siku mbili na ushei. Pengo kwanza, kumbukumbu baadaye.

---

Mwana_Ukerewe · Ijumaa, saa 3:30 usiku

Nimeleta vipimo mlivyosubiri. Wiki hii tumepata siku moja ya jua na mbili za mvua.

Siku ya jua, baada ya kukatwa usiku: volti zilivuka 12.6 saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na kipimo changu cha ampea kilikuwa kimehesabu nusu ampea-saa tu iliyoingia. Zilivuka 13.0 saa nne na nusu, zikiwa zimeingia ampea-saa 5. Kwa siku hiyo fundi ameshinda.

Siku ya mvua: paneli ilitoa ampea 0.8 au pungufu mchana kutwa. Volti zilipanda hadi 12.74 na hazikwenda zaidi. Lakini mpaka jioni zilikuwa zimeingia ampea-saa 5, sawa na zile za siku ya jua. Mzigo haukurudi. Mama alikaa na kibatari wakati betri ilikuwa na chaji ya taa mbili mpaka alfajiri.

---

Kware_Kitui · Ijumaa, saa 3:52 usiku

Ndicho nilichosema. Volti ya betri inayochajiwa inategemea ampea zinazoingia. Ampea kubwa zinainua volti kabla betri haijashiba, ampea ndogo zinaishibisha huku volti ziko chini. Namba moja haiwezi kufaa siku zote mbili. Kama tayari una kipimo cha ampea, hesabu kilichoingia, rudisha ukifika ampea-saa 4.

---

FundiKipimo · Ijumaa, saa 4:20 usiku

Nakubali kwamba 13.0 imemwonea mama siku ya mvua. Kuhesabu ampea-saa kunafaa, lakini kipimo cha bei nafuu kina kosa dogo hata umeme ukiwa sifuri, na kosa hilo linajumlishwa saa kwa saa. Baada ya wiki utakuwa unaamini chaji ambayo haipo. Uanze hesabu upya kila mzigo unapokatwa, hapo kosa halipati muda wa kukua.

Mimi ningefanya jambo jingine kwanza. Ongeza rele ya pili. Tivii ikatwe mapema, kwenye 11.9, na irudishwe 13.0 kama sasa. Taa zikatwe 11.5, zirudishwe 12.5 zikikaa hapo nusu saa. Taa nne zinavuta nusu ya mzigo, na kujirudi kwake ni kudogo zaidi.

---

Mwana_Ukerewe · Ijumaa, saa 4:41 usiku

Hilo la rele mbili nimelipenda. Swali: tivii ikikatwa kwenye 11.9, betri itajirudi huku taa bado zinawaka. Hiyo 12.5 ya taa bado iko juu ya hapo?

---

FundiKipimo · Ijumaa, saa 4:50 usiku

Taa zikiwa bado zinawaka, hiyo 12.5 haiguswi, inafanya kazi zikishakatwa tu. Kinachotakiwa kupimwa ni kutoka 11.5 na mzigo wa taa pekee mpaka alfajiri. Fanya kesho usiku, tivii ikiwa imechomolewa, na uandike namba ya kabla ya jua.